Kujaza jedwali la umbali kwa mkono: njia fupi kati ya kila vipeo viwili

Mwendesha bajaji anayesambaza vifurushi jioni kati ya Posta, Kariakoo, Ubungo na Mwenge jijini Dar es Salaam anakabiliwa na maswali kumi na mawili kwa mpigo. Anaweza kuwa kwenye kituo chochote kati ya hivyo vinne, na mteja anayefuata anaweza kuwa kwenye chochote kati ya vitatu vilivyobaki, na kwa kila jozi anataka kujua njia itakayomfikisha mapema zaidi. Tunaweza kulijibu kila swali peke yake, lakini ipo algoriti inayoyajibu yote kwa pamoja kwa kujaza jedwali moja, na jedwali hilo kwa vituo vinne ni dogo kiasi cha kujazwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Bernard Roy aliieleza nchini Ufaransa mwaka 1959, kisha mwaka 1962 Stephen Warshall na Robert Floyd, kila mmoja kwa makala yake, wakaichapisha kwa namna iliyoenea duniani. Ndiyo maana leo inaitwa algoriti ya Floyd na Warshall.

Wanafunzi wengi huikariri kama vitanzi vitatu vilivyowekwa kimoja ndani ya kingine, na kwa sababu kodi yake ya kompyuta ni fupi, wanadhani wameielewa. Kuijaza kwa mkono huonyesha kitu ambacho kodi haionyeshi: kwamba katika kila awamu, kila namba iliyomo ndani ya jedwali ina maana kamili, na kwamba usahihi wote wa algoriti umesimama juu ya maana hiyo.

Tuanze na ramani. Katika lugha ya grafu, kila kituo ni kipeo, na kila safari ya moja kwa moja kutoka kipeo kimoja hadi kingine ni mshale wenye uzito, ambao hapa ni dakika. Dakika nitakazozitumia ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu ionyeshe kila jambo tunalolihitaji, na hazikupimwa barabarani. Tuseme ni saa kumi na mbili jioni, wakati magari yanapotoka mjini. Kutoka Posta kwenda Kariakoo ni dakika 10, na kurudi ni 12. Kutoka Posta hadi Ubungo bila kuingia Kariakoo ni 45, na kutoka Posta hadi Mwenge kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, pamoja na foleni yake ya jioni, ni 60. Kariakoo hadi Ubungo ni 25, na Ubungo hadi Kariakoo ni 30. Kati ya Ubungo na Mwenge kuna Barabara ya Sam Nujoma, ambayo tuseme inachukua 15 kwenda Mwenge na 20 kurudi Ubungo. Mwisho, Mwenge hadi Posta ni 25 tu, kwa sababu saa hiyo wanaoingia mjini ni wachache kuliko wanaotoka.

Hiyo ni mishale tisa. Jozi tatu hazina mshale katika mfano wetu: Kariakoo kwenda Mwenge, Ubungo kwenda Posta, na Mwenge kwenda Kariakoo. Kwenye jedwali tunaziandikia alama ya ∞. Mstari unaonyesha anakotoka, na safu inaonyesha anakokwenda.

```
      P    K    U    M
P     0   10   45   60
K    12    0   25    ∞
U     ∞   30    0   15
M    25    ∞   20    0
```

Alama ya ∞ haisemi kwamba mtu wa Ubungo hawezi kufika Posta. Inasema kwamba hawezi kufika iwapo hajaruhusiwa kupita kituo kingine chochote katikati. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima. Jedwali hili la kwanza ni jibu sahihi kabisa la swali finyu: ni muda gani mfupi zaidi kutoka hapa hadi pale, bila kupita popote katikati? Kazi ya algoriti ni kulipanua swali hilo kidogo kidogo, kituo kimoja baada ya kingine, huku ikihakikisha kwamba katika kila hatua jibu lililoandikwa ni sahihi kwa swali la hatua hiyo.

Kwa hiyo tunapanga vituo kwa mfuatano wowote, tuseme Posta, Kariakoo, Ubungo, Mwenge, kisha tunauliza maswali manne. Muda mfupi zaidi ni upi ikiwa katikati inaruhusiwa kupita Posta tu? Ni upi ikiwa inaruhusiwa Posta na Kariakoo? Ni upi zikiongezwa ruhusa za Ubungo, na hatimaye za Mwenge? Baada ya swali la nne hakuna kituo kilichobaki bila ruhusa, na jedwali linakuwa jibu la swali tulilolitaka tangu mwanzo.

Sasa tuangalie ni kwa nini kuongeza ruhusa ya kituo kimoja ni kazi nyepesi. Tuseme tayari tunajua majibu yote vinapokuwa vimeruhusiwa vituo kadhaa, na sasa tunakiongeza kituo kiitwacho k. Njia fupi mpya kutoka i hadi j ina chaguo mbili tu. Ama haipiti k, na hapo muda wake ni ule ule ulioko kwenye jedwali la zamani. Ama inapita k, na kwa kuwa hakuna faida ya kuzunguka na kurudi mahali ulipokwishapita, inapita k mara moja tu. Njia hiyo inakatika vipande viwili, kutoka i hadi k na kutoka k hadi j, na hakuna kipande kati ya hivyo chenye k ndani yake, kwa sababu k imebaki kuwa mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Maana yake ni kwamba vipande vyote viwili vinatumia ruhusa za zamani tu, na muda wa kila kimoja umekwishaandikwa kwenye jedwali tulilo nalo. Kinachobaki ni kujumlisha namba mbili, kulinganisha jumla na namba ya zamani, na kubakiza iliyo ndogo, ambapo d[i][j] ni namba ya kisanduku cha i kwenda j:

```
d[i][j] = min(d[i][j], d[i][k] + d[k][j])
```

Huu ndio upangaji dinamiki katika sura yake safi: swali kubwa linajibiwa kwa majibu ya maswali madogo yaliyokwishatunzwa, bila kurudia kuhesabu lolote. Ukitaka kuona tumeepuka nini, hesabu njia zisizorudia kituo kati ya vipeo viwili. Kwa vipeo vinne ziko 5 tu kwa kila jozi, endapo kila kipeo kina mshale kwenda kila kingine, na mtu mvumilivu anaweza kuziandika zote. Kwa vipeo kumi zinafika 109,601 kwa kila jozi, ilhali jedwali hilo zima la vipeo kumi hukamilika kwa milinganisho 1,000.

Tujaze. Katika awamu ya kwanza k ni Posta. Kwa mkono, njia rahisi ni kuupigia kistari chepesi cha penseli mstari wa Posta na safu ya Posta, kwa sababu namba zote za kujumlisha zitatoka humo. Kwa kisanduku kingine chochote, unachukua namba iliyo kwenye mstari wake chini ya safu ya Posta, unaijumlisha na namba iliyo kwenye safu yake katika mstari wa Posta. Ukiacha mstari na safu zilizopigiwa kistari, na ukiacha mlalo wa sifuri unaotoka juu kushoto hadi chini kulia, vinabaki visanduku 6 tu vya kukagua.

Kariakoo kwenda Ubungo kwa kupitia Posta ni 12 + 45, yaani 57, na hiyo ni mbaya kuliko 25 iliyopo, kwa hiyo tunaiacha. Kariakoo kwenda Mwenge kwa kupitia Posta ni 12 + 60, yaani 72, na kwa kuwa kulikuwa na ∞, tunaandika 72. Mstari wa Ubungo hauguswi kabisa, kwani Ubungo kwenda Posta bado ni ∞, na chochote kikijumlishwa na ∞ kinabaki ∞; visanduku viwili vimekwisha kwa kutupia jicho mara moja. Mwenge kwenda Kariakoo ni 25 + 10, yaani 35, badala ya ∞. Mwenge kwenda Ubungo ni 25 + 45, yaani 70, na 20 iliyopo inabaki.

```
      P    K    U    M
P     0   10   45   60
K    12    0   25   72
U     ∞   30    0   15
M    25   35   20    0
```

Namba 72 ya Kariakoo kwenda Mwenge inawashtua wanaolisoma jedwali kwa mara ya kwanza, kwa sababu yeyote anayeijua Dar es Salaam anaona kwamba kupitia Ubungo ni 25 + 15, yaani 40 tu. Kishawishi cha kuandika 40 hapo hapo ni kikubwa, na ni lazima kishindwe. Swali la awamu hii linaruhusu kupita Posta pekee, na kwa swali hilo jibu sahihi ni 72. Ukiruka mbele kwa macho utapata namba nzuri kwenye kisanduku kimoja, lakini utakuwa umepoteza uhakika wa kujua jedwali lako linasema nini, na katika grafu ya vipeo ishirini macho hayatakusaidia tena.

Awamu ya pili inafungua Kariakoo. Tunapigia kistari mstari na safu ya Kariakoo, tunakagua visanduku sita, na viwili vinabadilika. Posta kwenda Ubungo kwa kupitia Kariakoo ni 10 + 25, yaani 35, pungufu ya 45 ya moja kwa moja. Ubungo kwenda Posta ni 30 + 12, yaani 42, na hatimaye ∞ ya mwisho inatoka. Kati ya visanduku visivyobadilika, kimoja kinastahili kutazamwa kwa makini: Posta kwenda Mwenge kwa kupitia Kariakoo ni 10 + 72, yaani 82, ambayo haishindi 60. Hapa 72 iliyotushtua imetumika kama jibu halali la awamu iliyopita, na haikuleta madhara yoyote.

```
      P    K    U    M
P     0   10   35   60
K    12    0   25   72
U    42   30    0   15
M    25   35   20    0
```

Awamu ya tatu inafungua Ubungo. Posta kwenda Mwenge sasa ni 35 + 15, yaani 50, na 60 inafutwa. Ile 35 ilipatikana awamu iliyopita kwa kupitia Kariakoo, kwa hiyo 50 hii imebeba ndani yake vituo viwili vya katikati, Kariakoo na Ubungo, ingawa sisi tumejumlisha namba mbili tu. Kariakoo kwenda Mwenge inashuka kutoka 72 hadi 40, kama macho yalivyotaka tangu mwanzo, na safari hii namba imekuja kwa zamu yake. Visanduku vingine vinne havibadiliki. Mwenge kwenda Kariakoo, kwa mfano, kwa kupitia Ubungo ingekuwa 20 + 30, yaani 50, ilhali kwa kupitia Posta tunayo 35.

Awamu ya nne inafungua Mwenge, na inabadilisha kisanduku kimoja: Ubungo kwenda Posta ni 15 + 25, yaani 40, mbili pungufu ya 42 iliyopitia Kariakoo. Jedwali la mwisho ni hili.

```
      P    K    U    M
P     0   10   35   50
K    12    0   25   40
U    40   30    0   15
M    25   35   20    0
```

Tumefanya milinganisho 24, sita kwa kila awamu. Kompyuta inayofuata kodi ya kawaida ingefanya 64, yaani 4 × 4 × 4, kwa sababu inakagua hata visanduku ambavyo sisi tulijua haviwezi kubadilika.

Kwa nini haviwezi kubadilika? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linaloturuhusu kutumia jedwali moja tukifuta na kuandika juu yake, badala ya kutunza majedwali matano. Hofu ni kwamba katikati ya awamu tunaweza kuifuta namba ya zamani ambayo kisanduku kingine bado kinaihitaji. Lakini namba zinazohitajika katika awamu ya k ni zile za mstari wa k na safu ya k peke yake. Kisanduku cha i kwenda k kingelinganishwa na d[i][k] + d[k][k], na kwa kuwa d[k][k] ni 0, jumla hiyo ni ile ile iliyopo. Mstari na safu ya k vinasimama tuli awamu nzima, na visanduku vingine vinaweza kuandikwa upya kwa mpangilio wowote bila kuingiliana.

Jedwali linatoa muda, lakini mwendesha bajaji anataka kujua apite wapi. Kwa ajili hiyo tunajaza jedwali la pili sambamba na la kwanza, ambalo kila kisanduku chake kinataja kituo cha kwanza baada ya kuondoka. Mwanzoni, pale penye mshale, kituo cha kwanza ni kile kile anachokwenda. Kila tunapoibadilisha namba ya i kwenda j kwa sababu ya k, tunaandika kwenye kisanduku cha i kwenda j kile kilichoandikwa kwenye kisanduku cha i kwenda k. Tufuatilie Posta kwenda Mwenge. Awamu ya pili ilipoibadilisha Posta kwenda Ubungo, kituo chake cha kwanza kilikuwa Kariakoo. Awamu ya tatu ilipoibadilisha Posta kwenda Mwenge kwa sababu ya Ubungo, tulinakili kituo cha kwanza cha Posta kwenda Ubungo, yaani Kariakoo tena. Wakati wa kusoma, unatoka Posta na kuambiwa uende Kariakoo. Ukiwa Kariakoo unatazama Kariakoo kwenda Mwenge na kuambiwa uende Ubungo. Ukiwa Ubungo unaambiwa uende Mwenge. Ni 10, kisha 25, kisha 15, jumla 50.

Kosa linalojitokeza hapa mara kwa mara ni kuandika k yenyewe badala ya kunakili kituo cha kwanza cha kuelekea k. Kwa kosa hilo, kisanduku cha Posta kwenda Mwenge kingesema Ubungo, na dereva angeondoka Posta kwa mshale wa moja kwa moja wa dakika 45, kisha 15, akafika baada ya 60 huku jedwali la muda likimwahidi 50. Namna ya kulinasa ni kujumlisha mishale ya njia uliyoisoma na kuilinganisha na namba ya jedwali. Zisipolingana, kasoro iko kwenye jedwali la vituo hata kama muda wote ni sahihi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linajificha. Kodi ya algoriti hii, ambapo n ni idadi ya vituo, ni kama ifuatavyo:

```
for k in range(n):
    for i in range(n):
        for j in range(n):
            if d[i][k] + d[k][j] < d[i][j]:
                d[i][j] = d[i][k] + d[k][j]
```

Kitanzi cha k ni lazima kiwe cha nje, kwa sababu ndicho kinachobeba awamu. Mtu anayeona vitanzi hivi kama vitanzi vitatu vya kawaida huvipanga i, j, k, na k ikawa ya ndani kabisa. Maana yake ni kwamba anakamilisha kisanduku kimoja kwa kujaribu vituo vyote vinne, kisha anakiacha moja kwa moja na kuhamia kingine, wakati vipande anavyovitegemea huenda bado havijakamilika.

Nakuomba uujaribu mpangilio huo mbaya kwenye jedwali letu la kwanza kwa mkono. Utapata jedwali la mwisho lile lile, sahihi kila kisanduku. Sababu ni bahati: Posta kwenda Ubungo inafikiwa kabla ya Posta kwenda Mwenge, kwa hiyo 35 iko tayari inapohitajika. Sasa badilisha jambo moja tu, uandike Mwenge kabla ya Ubungo kwenye orodha ya vituo, bila kugusa mshale hata mmoja. Mstari wa Posta unaanza na Kariakoo, inabaki 10. Inafuata Mwenge: kwa kupitia Kariakoo ni 10 + ∞, na kwa kupitia Ubungo ni 45 + 15, yaani 60, ambayo haipungui 60 iliyopo. Kisanduku kinafungwa na 60. Kisha ndipo Ubungo inapofikiwa na kushushwa hadi 35, lakini hakuna anayerudi kuiangalia Mwenge. Algoriti inamaliza ikidai kwamba Posta hadi Mwenge ni dakika 60, wakati njia ya dakika 50 ipo. Algoriti sahihi haijali vituo vimeandikwa kwa mfuatano gani, na ndiyo maana jaribio moja lililofaulu kwenye grafu ndogo halithibitishi kwamba vitanzi vimepangwa vizuri.

Lipo jaribio linalotosha, na halihitaji kujua jibu mapema. Chukua jedwali lililokamilika na ukague kila kisanduku kwa kila kituo cha katikati: ukipata mahali ambapo d[i][k] + d[k][j] ni ndogo kuliko d[i][j], jedwali halijakamilika. Katika kosa la hapo juu, Posta kwenda Ubungo ni 35 na Ubungo kwenda Mwenge ni 15, jumla 50, ilhali kisanduku kinasema 60. Huku ni sawa na kuiendesha algoriti mara ya pili juu ya jibu lake yenyewe. Jedwali sahihi halibadiliki hata kisanduku kimoja.

Nilisema mapema kwamba hakuna faida ya kuzunguka na kurudi ulipopita. Kwa dakika hilo ni kweli daima, lakini uzito wa mshale unaweza kuwa kitu kingine. Tuseme tunaandika gharama, na kwamba kipande cha Ubungo kwenda Mwenge kina mzigo wa kudumu unaolipa kuliko mafuta, kiasi kwamba gharama yake ni −25, wakati namba nyingine zinabaki zilivyo. Algoriti inazikubali namba hasi bila taabu. Tatizo linakuja pale mzunguko mzima unapokuwa hasi: Mwenge kwenda Ubungo ni 20, Ubungo kurudi Mwenge ni −25, na kila mzunguko unapunguza gharama kwa 5. Hapo hakuna njia fupi zaidi, kwa sababu ukizunguka mara nyingine unapata pungufu tena. Jedwali lenyewe linatoa taarifa. Katika awamu ya Ubungo, kisanduku cha Mwenge kwenda Mwenge kinalinganishwa na 20 + (−25), na 0 yake inageuka −5. Namba hasi ikionekana kwenye mlalo wa sifuri, mzunguko hasi upo, na namba zinazopita kwenye mzunguko huo hazina maana tena. Kwa hiyo mazoea yetu ya kuruka visanduku vya mlalo yanafaa tu pale ambapo hakuna mshale hasi hata mmoja; penye hasi, vikaguliwe kama vingine.

Upande wa ukubwa, milinganisho inakua kwa mchemraba wa idadi ya vipeo. Vipeo 1,000 vinadai milinganisho 1,000,000,000 na jedwali lenye visanduku 1,000,000, kazi ambayo kompyuta ya leo inaiweza. Ramani ya barabara ya mji mzima, yenye makutano makumi ya maelfu na mishale mitatu au minne kwa kila makutano, ni habari nyingine. Hapo jedwali linakuwa kubwa mno, na ni nafuu kutumia algoriti ya Dijkstra, inayotafuta njia fupi kutoka kituo kimoja hadi vingine, kuanzia kila kituo unachokihitaji kweli, mradi mishale isiwe hasi.

Linabaki swali la mabadiliko, kwa sababu foleni haikai ilivyo. Mshale mmoja ukipungua, jedwali lililokamilika linaweza kurekebishwa bila kujazwa upya. Posta kwenda Mwenge ikishuka hadi 30, kwa kila jozi unalinganisha namba iliyopo na muda wa kufika Posta, kuongeza 30, kuongeza muda wa kutoka Mwenge. Kisanduku cha Posta kwenda Mwenge kinakuwa 30. Kariakoo kwenda Mwenge ingekuwa 12 + 30, yaani 42, na 40 inabaki. Visanduku vingine havishindwi. Mshale ukiongezeka, hali ni tofauti. Tuseme Kariakoo kwenda Ubungo imepanda kutoka 25 hadi 50. Namba 35, 50 na 40 zilizoutegemea mshale huo si za kweli tena, na zile 45, 60 na 72 ambazo zingetupa pa kuanzia tulizifuta wakati wa kuandika juu ya jedwali. Hapo inabidi kurudi kwenye jedwali la kwanza, lile la mishale mitupu, kubadilisha 25 kuwa 50, na kuzipitia upya awamu zote nne. Kwa hiyo anayejaza kwa mkono ni vizuri alinakili jedwali hilo la kwanza kwenye ukurasa wake kabla hajafuta chochote.